Bei Picha ya Pili: Posti ya Kuswaipu kwa Muuza Dagaa wa Mwanza

*"Nauza dagaa wa kukaanga hapa Kirumba, Mwanza. Robo kilo 5,000, nusu 9,500, kilo 18,000. Nikiweka Instagram zile picha za kuswaipu na kuandika bei, naona kama napiga debe stendi. Nisipoandika, watu wanauliza 'bei?' na nikiwajibu inboksi wananyamaza. Niandike nini kwenye kila picha ili mtu aone mzigo na bei bila kuhisi namkaba?"*

Dada yangu, pole na kazi. Nianze na kile kimya cha inboksi, maana ndicho kinachoonyesha kasoro ilipo.

Mtu anauliza "bei?", unamjibu "kilo 18,000". Hapo umempa namba tupu. Kichwani mwake kuna bei nyingine, ya dagaa wakavu wa soko la Mwaloni, wanaouzwa na mchanga wao na takataka zao, ambao bado mtu hajawachambua wala kuwaosha wala kuwanunulia mafuta. Anaziweka bei hizo mbili pamoja, anaona umempandishia, na kwa kuwa watu wengi huona aibu kumwambia muuzaji "ni ghali", anaondoka kimyakimya. Hajajua kwamba alilinganisha vitu viwili tofauti, nawe huna nafasi ya kumweleza, maana ukimfuata na maelezo baada ya kimya hicho, hapo ndipo unapomkaba kweli.

Kwa hiyo bei yenyewe haimkabi mtu. Mtu anakerwa anaposukumwa kuamua kabla hajapewa cha kuamulia. Mpiga debe wa stendi ya Nyegezi anaudhi kwa sababu anakushika begi kabla hajakuambia basi linaondoka saa ngapi. Angekutajia saa, nauli na namba ya kiti, halafu akakaa pembeni, ungemwona mtu wa msaada.

Ushauri wangu ni huu: bei iweke mapema, kwenye picha ya pili, na sababu za bei hiyo zije baada yake. Wengi hufanya kinyume. Wanajaza picha tano za sifa, kisha bei wanaichomeka mwisho au wanaandika "njoo inboksi". Anayeswaipu anahisi anapelekwa mahali asipopajua. Akiiona bei mapema, ambaye hana uwezo nayo anaondoka kwa amani bila kupotezewa muda, na anayebaki amebaki kwa hiari yake, anataka kujua kwa nini. Huyo wa pili ndiye unayemwandikia picha zinazofuata.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua picha ya pili, nayo inatokana na Instagram wenyewe. Mtu akiipita posti yako bila kuswaipu, mara nyingi Instagram humletea tena baadaye ikianzia picha ya pili. Ina maana picha hiyo inaweza kuwa ndiyo ya kwanza machoni pa mtu ambaye hajui unauza nini. Lazima ijitegemee: iwe na jina la bidhaa, ujazo na bei, asiyeona picha nyingine yoyote aelewe.

Sasa tuipange posti yako. Siku hizi Instagram inaruhusu hadi picha 20 kwenye posti moja, lakini kwa bidhaa moja kama yako sita zinatosha. Zote zipige kwa umbo la kusimama, upana pikseli 1080 kwa urefu pikseli 1350, kwa sababu picha ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zote na nyingine zitakatwa ili zifanane nayo. Maandishi yasikaribie kingo.

Picha ya kwanza, andika hivi:

> Dagaa wa Mwanza wa kukaanga.
> Wamechambuliwa, hawana mchanga.
> Bei ziko picha inayofuata.

Mstari wa kwanza unataja kitu. Wa pili unajibu hofu kubwa ya kila mla dagaa, maana hakuna kinachomharibia mtu chakula kama kutafuna ugali na kusikia "kra" kwenye jino. Wa tatu unamwambia bei ilipo. Huo wa tatu ndio unaoondoa harufu ya kupiga debe, kwa sababu msomaji anaona humfichi kitu. Hapo usiweke "Wahi!", usiweke ving'ora vya emoji, na usiandike herufi kubwa tupu kana kwamba unamfokea.

Picha ya pili:

> Dagaa wa kukaanga, Mwanza
> Gramu 250: sh 5,000
> Gramu 500: sh 9,500
> Kilo 1: sh 18,000
> Bei hizi ni hadi tarehe 15.

Nyuma ya maandishi ziwepo pakiti zako tatu zimesimama pamoja, na kando yake kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Chupa ya soda inafaa, mkono pia unafaa. Gramu 250 kwa watu wengi ni maneno tu mpaka waione pakiti ikiwa kiganjani.

Chunga vitu vitatu hapa. Kwanza, usiandike "kuanzia 5,000". Neno hilo humfanya mtu ashuku kwamba bei halisi imefichwa, wakati wewe una bei tatu tu na zote zinaenea. Pili, ondoa "tu" mwisho wa bei. "18,000 tu!" ni kumwamulia mwenzako kwamba hela yake ni ndogo, na huko anakosoma huenda elfu kumi na nane ndiyo matumizi ya nyumba kwa siku mbili. Tatu, usikate bei ya juu kwa msitari mwekundu na kuweka mpya chini yake kama hujawahi kuuza kwa hiyo ya juu. Wateja wa Mwanza wanaijua bei ya dagaa kuliko unavyodhani, na wakikukamata kwenye hilo hawakuamini tena hata kwenye mchanga.

Kama unataka waone unafuu wa kilo, uandike kama taarifa: "Robo nne ni sh 20,000, kilo moja ni sh 18,000." Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe na ataiamini zaidi kuliko "OKOA ELFU MBILI".

Ule mstari wa tarehe haupo kwa ajili ya kumkimbiza mtu. Wewe unajua dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti, mitumbwi mingi inapumzika, mzigo unapungua na bei Mwaloni inapanda. Mvua zikija, kuanika kunakuwa shida na bei inapanda tena. Mteja wako wa Dodoma hayajui hayo. Akikuta posti ya wiki tatu nyuma na bei ambayo siyo tena, ataona umembadilikia. Tarehe inakulinda wewe na yeye. Ukipenda ongeza chini kwa herufi ndogo: "Dagaa hupungua ziwani mbalamwezi ikiwa kali, ndiyo maana bei zetu zina tarehe." Sentensi kama hiyo inamfundisha kitu, na haimwombi chochote.

Picha ya tatu ndiyo inayoeleza kwa nini dagaa wako si wale wa 'debe' la Mwaloni. Hapa wengi huandika "ubora wa hali ya juu", "wasafi sana", "utamu usiopimika". Sifa za namna hiyo kila muuzaji anazo, hivyo hazimwambii msomaji chochote. Badala yake onyesha kazi. Siku ukiosha, piga picha ya beseni la maji ya kwanza likiwa na mchanga umetuama chini, kisha piga beseni la maji ya mwisho. Ziweke pamoja kwenye picha moja na uandike:

> Kushoto: maji ya kwanza.
> Kulia: maji ya mwisho.
> Tunaosha mpaka mchanga uishe, ndipo tunakausha na kukaanga.

Mchanga ule chini ya beseni unasema yote. Hakuna kivumishi kitakachoshindana nao.

Andika tu kile unachokifanya au ulichokiona. Kama unanunua Mwaloni na hujui mzigo huo ulianikwa juu ya vichanja au chini kwenye mchanga wa ufukweni, usiandike "wa kichanja" kwa sababu neno linauza. Andika "tumewachambua kwa mkono", kwa kuwa hilo ulilifanya. Vivyo hivyo usiandike kwamba dagaa wako wanatibu presha au wanaongeza kinga, na nembo ya TBS usiiweke kama hujapewa.

Jambo moja la kulifanya kabla ya kuandika picha hii: chukua kilo moja ya dagaa kama ulivyowanunua, chambua, osha, kausha, kaanga, kisha pima tena. Ujue kilichotoka kama takataka ni gramu ngapi na kilichobaki ni kiasi gani. Namba hiyo iwe yako, ya mzani wako. Ukiweza kuandika "Kwenye kila kilo tunayonunua, gramu kadhaa zinatupwa kabla ya kukaanga", huku "kadhaa" ikiwa namba halisi, yule aliyekuwa analinganisha bei yako na ya Mwaloni anapata jibu bila wewe kumjibu.

Picha ya nne inahusu matumizi. Swali la mama wa nyumba ni moja: hii inatosha watu wangapi? Pika robo kilo nyumbani kwako, hesabu waliokula, andika ulichokiona:

> Pakiti ya gramu 250:
> nyumbani kwetu ilitosha mboga ya watu 4 na ugali.
> Tayari kuliwa, au waunge kwa nyanya na kitunguu.

"Nyumbani kwetu" ina kazi yake, maana walaji hawalingani. Muda wa kukaa pia upime hivyohivyo. Fungua pakiti, ifunge tena kama mteja atakavyofanya, iache kabatini, na onja kila baada ya siku chache mpaka uanze kusikia harufu ya mafuta kuchacha. Siku unazoandika ziwe pungufu ya hizo. Hili likikosewa halirekebishiki kwa maneno mazuri.

Picha ya tano, usafirishaji, na hapa ndipo mauzo mengi yanapokufa bila kelele. Mtu amekubali bei, kisha inboksi anasikia kuna hela nyingine ya bodaboda na nyingine ya basi, anahisi ametegwa. Andika zote wazi, ukitumia viwango unavyotozwa wewe. Kwa mfano:

> Kirumba, Pasiansi, Kitangiri: bodaboda sh 2,000
> Nyegezi, Igoma, Buswelu: bodaboda sh 4,000
> Mikoani: kwa basi, nauli ya mzigo analipa mteja. Tunakutajia kiasi kabla hujalipa.

Maneno "kabla hujalipa" usiyaache. Mtu akijua hatashtukizwa, haoni haja ya kujihami.

Picha ya sita ni ya kuagiza, na ndiyo inayokutia hofu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huandika "Agiza sasa, usikose!" Geuza amri iwe masharti ya hiari, yaani aliye tayari afanye nini:

> Ukihitaji, tutumie ujumbe wenye vitu vitatu:
> ujazo, mahali ulipo, siku unayotaka.
> Mwanza mjini unalipa ukishapokea.
> Leo tumekaanga kilo 12. Zikiisha, tunakaanga tena Alhamisi.

Ona huo mstari wa mwisho. Mzigo kweli unaweza kuisha, na mteja ana haki ya kujua. Kinachoudhi ni "zimebaki chache, wahi", ambayo imeandikwa kila siku mwaka mzima. Ukitaja kiasi na siku ya mzigo unaofuata, anayetaka leo ataharakisha mwenyewe, na asiyeweza leo ana siku ya kurudi. Lakini kilo 12 ziwe kilo 12 kweli.

Kwa wanaolipa kabla, wa mikoani, andika pia jina litakalotokea kwenye simu wakiingiza Lipa Namba yako. Kama ukurasa wako una jina la biashara na malipo yanatokea kwa jina la mumeo, mtu ataghairi akiwa ameshaandika kiasi. Mstari mmoja unatosha: "Jina litakalotokea ni…"

Kapsheni isirudie picha zote. Kinachoonekana kabla ya mtu kubonyeza asome zaidi ni maneno machache sana, herufi kama 125 hivi, hivyo vitu vya lazima vitangulie: "Dagaa wa kukaanga, Mwanza. Robo 5,000, nusu 9,500, kilo 18,000. Wameoshwa, hawana mchanga." Baada ya hapo ndipo uandike mawili matatu kwa utulivu, kama unavyoongea na mteja aliyesimama mlangoni. Bei iwepo kwenye kapsheni hata kama iko kwenye picha, kwa sababu kapsheni unaweza kuihariri baada ya kuposti, ila picha huwezi kuibadilisha. Unaweza kuifuta moja kutoka kwenye mfululizo, huwezi kuingiza nyingine mahali pake.

Umetaja chakula tu, lakini najua wengi wanaosoma hapa wanauza nguo, kuanzia vitenge vya Makoroboi hadi mitumba ya Mlango Mmoja, nao mpangilio wao unabadilika kidogo. Kwako picha sita zinaeleza kitu kimoja. Kwa muuza magauni kila picha ni kitu chake, kwa hiyo bei ikae kwenye kila picha, pamoja na namba: "Gauni namba 3. Kifua inchi 38, urefu inchi 52. Sh 35,000." Namba inamwezesha mteja kuandika "nataka namba 3" bila kupiga picha ya skrini, na vipimo vya inchi vinasaidia kuliko "M" au "L", ambazo hutofautiana kwa kila fundi. Gauni likiuzwa, muuzaji aandike kwenye kapsheni "namba 3 imeuzwa". Nguo iliyouzwa ikiendelea kutangazwa, watu wanafika inboksi na kugeuziwa nyingine, na huo ndio ukabaji wenyewe.

Utajuaje kama maneno yako yanafanya kazi? Usihesabu likes. Soma maswali unayoulizwa. Bado wanauliza "bei?", basi maandishi ya picha ya pili hayaonekani. Yakuze, au toa mandhari yenye vurugu nyuma yake, kisha iangalie picha kwenye simu yako ukiwa umenyoosha mkono. Kama husomi hapo, nao hawasomi. Wakiuliza "mnafika Shinyanga?", picha ya tano haijasema vya kutosha. Wakiuliza "mna nusu kwa kesho, niko Igoma", hapo posti imemaliza kazi yake, maana maswali ya bei, ujazo na mahali yameshajibiwa kabla hawajakuandikia. Kwenye Insights, yaani takwimu za posti yako, angalia waliohifadhi posti na waliowatumia wenzao, kwa sababu mtu huhifadhi bei anayokusudia kuirudia mshahara ukitoka. Lakini posti moja isikupe hukumu. Linganisha angalau nne zilizoandikwa kwa namna hii.

Wapo watakaoona yote haya na bado wasinunue. Anayeishi karibu na Mwaloni na ana muda wa kuchambua mwenyewe hatakuja, na posti haiwezi kumbadilisha. Usimpunguzie bei wala kumwandikia mara mbili. Wateja wako ni wafanyakazi wasio na muda huo, wanafunzi wa vyuo wasio na jiko, na watu wa mikoani waliolelewa kwa dagaa wa ziwa na hawawapati walipo.

Na "bei?" ya kwenye komenti itaendelea kuja kidogo, kwa sababu wapo wasioswaipu. Usimjibu "angalia picha ya pili", wala "njoo inboksi". Mjibu hapohapo hadharani, kamili: "Robo 5,000, nusu 9,500, kilo 18,000. Bodaboda ya mjini ni 2,000 hadi 4,000 kulingana na ulipo." Kisha usiongeze swali wala "karibu sana tukuhudumie". Jibu hilo watalisoma na wengine ambao hawakuuliza.

Tarehe 15 ikipita na bei ikiwa imepanda, usiishie kufuta picha ya pili na kubadilisha namba kwenye kapsheni; kwa kuwa picha ya kwanza bado inasema bei ziko picha inayofuata, ni bora uiweke posti nzima kwenye kumbukumbu na kupandisha mpya yenye tarehe mpya. Kama kuna aliyeagiza kabla ya tarehe hiyo na mzigo wake haujatoka, mpe kwa bei aliyoiona.